Dozi ya kwanza baada ya kugeuza pete

Geuza pete ya mashine ya kusagia kahawa alama moja kwenda kwenye laini, saga, tengeneza espreso, onja. Kikombe hicho hakikwambii jambo la kuaminika kuhusu alama uliyoweka. Ndani ya kikapu cha potafilta, ule mpini unaoshikilia unga kwenye mashine ya espreso, kuna unga wa aina mbili: uliosagwa sasa hivi kwa kipimo kipya, na uliosagwa kwa kipimo cha zamani ukabaki ndani ya mashine hadi ulipokuja kusukumwa nje na huu mpya. Ndiyo sababu dozi ya kwanza baada ya kubadilisha kipimo huwa na ladha tofauti na ya pili, na wakati mwingine ya pili ikatofautiana na ya tatu, ingawa hakuna mtu aliyeigusa pete tena.

Mabarista wengi wa Mombasa wanalijua hili kwa mdomo. Tatizo liko mikononi. Foleni ikiwa ndefu na kapuchino nne zinangojewa, barista anageuza pete, anaona espreso bado inakwenda mbio, anageuza tena. Robo saa baadaye pete imekwenda kushoto na kulia, imerudi pale pale ilipoanzia, na lawama zote zimeangukia buni. Kumbe buni haina kosa, na mara nyingi hata alama ya kwanza aliyoigeuzia ilikuwa ndiyo sahihi.

Unga unabaki wapi

Tuifuate buni moja. Inashuka kutoka kwenye hopa, inaingia katikati ya meno, inapasuliwa, na vipande vyake vinasukumwa pembeni vikizidi kuwa vidogo mpaka vinatoka kwenye ukingo wa meno. Hapo bado haviko kwenye potafilta. Viko ndani ya chumba cha kusagia, ile nafasi ya mviringo inayoyazunguka meno. Vibapa vidogo vinavyozunguka pamoja na meno ya chini huufagia unga hadi kwenye tundu la kutokea, unga unaingia kooni, kisha kwenye mashine nyingi unakutana na wavu mdogo au ulimi wa plastiki uliowekwa kuvunja mabonge na kupunguza umeme tuli. Ndipo unaanguka.

Unga hausukumwi na kitu kingine isipokuwa unga unaofuata nyuma yake. Mota ikisimama, kila kilichokuwa njiani kinasimama papo hapo: kilicho chumbani, kilicho kooni, kilichoegemea wavu. Mashine ya mkahawa yenye meno bapa yaliyolala, chumba kipana na koo lililonyooka kwenda mbele, inaweza kushikilia gramu kadhaa kwa namna hii. Ile ambayo unga wake unaanguka wima kwa njia fupi hushikilia kidogo zaidi, na kinu cha mkono kilichotengenezwa vizuri hushikilia kidogo sana, kwa kuwa karibu kila kinachosagwa kinaangukia moja kwa moja kwenye kopo la chini.

Masalio haya ni ya namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapotosha watu. Kuna unga uliolala kwenye pembe zisizofikiwa na vibapa, umeshikamana na mafuta ya kahawa, umekuwa kama ukoko. Huo hautoki kwa kusaga. Utakaa hadi siku ya kufungua mashine na kupiga brashi. Ladha ya dozi zako haiuhisi sana, mpaka siku kipande kinapomeguka na kuangukia kwenye kikapu. Halafu kuna unga wa njiani, ambao kila dozi mpya inautoa nje na kuacha wake mahali pake. Huu wa pili ndio unaohusika unapogeuza pete.

Hapa ndipo mizani inapodanganya. Ukitia buni gramu 18.0 ukatoa unga gramu 18.0, utasema mashine yangu haibakishi kitu. Mizani inakwambia tu kwamba kiasi kilichoingia na kilichotoka ni sawa. Haikwambii kwamba kati ya hizo gramu 18 zilizotoka, 4 zilikuwa za mteja aliyetangulia, na kwamba gramu 4 za buni uliyotia sasa zimebaki ndani kumngojea anayefuata. Mashine inaweza kusoma sifuri kwenye mizani kila siku na bado ikawa inabadilishana gramu nne kwa kila dozi. Usipogusa pete hutalijua hilo kamwe, kwa sababu unga wa zamani na mpya unafanana. Unalijua siku ya kugeuza.

Alama moja iliyozaa mbili

Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Namba zake ni za mfano, lakini mwendo wake utautambua.

Mkahawa unatumia mashine yenye hopa na taima. Kipimo ni dozi ya gramu 18, kikombe cha gramu 36, na lengo ni sekunde 28. Asubuhi hiyo espreso inatoka kwa sekunde 22, chachu na nyepesi. Mashine inasaga gramu 3 kwa sekunde, kwa hiyo taima imewekwa sekunde 6. Masalio ya njiani ni gramu 4. Tuseme alama moja kwenda kwenye laini, kwa dozi ile ile ya gramu 18, ingetoa kikombe kwa sekunde 28 kamili. Yaani dawa ni alama moja tu.

Barista anageuza alama moja na kusaga mara moja. Mambo mawili yanatokea kwa wakati mmoja. La kwanza, gramu 4 za mwanzo zinazoanguka ni za kipimo cha zamani. Zaidi ya sehemu moja kwa tano ya dozi nzima ni unga mkubwa. La pili, meno yakikaribiana buni hupita polepole zaidi, kwa hiyo zile sekunde 6 za taima hazitoi tena gramu 18. Zinatoa labda 17.5. Dozi pungufu maana yake ni kitanda chembamba cha kahawa, na maji hukipita haraka. Yote mawili yanavuta upande mmoja, na espreso inatoka kwa sekunde 24.

Barista anasoma 24 na kusema alama moja haikutosha. Anageuza ya pili. Sasa dozi inayofuata ina gramu 4 za alama ya kwanza na zilizobaki za alama ya pili, na saa inasoma 32. Anashangaa: alama ya kwanza imeongeza sekunde 2, ya pili imeongeza 8. Anaamua pete ina kasoro. Anatengeneza nyingine bila kugusa kitu, na hii ambayo sasa karibu yote ni ya alama ya pili inasoma 36, na ina uchungu mkavu unaobaki ulimini. Anarudisha alama moja. Ndiyo ile alama sahihi, amerudi nyumbani, lakini dozi hii ina gramu 4 za unga laini mno wa kipimo alichotoka, na saa inasoma 33. "Bado nzito," anasema, na anarudisha tena. Amefika alipoanzia.

Kwenye kisa hiki, tangu alipogeuza pete alisoma dozi nne, na tatu kati yake zilikuwa mchanganyiko. Ile moja iliyokuwa karibu safi ilikuwa ya alama asiyoihitaji. Alama sahihi aliipita mara mbili na hakupata hata kikombe kimoja chake.

Kabla ya kuondoka kwenye kisa hiki, tazama ladha ya ule mchanganyiko wenyewe, kwa sababu si wastani wa vipimo viwili. Unga wa zamani ndio unaoanguka kwanza, kwa hiyo unakaa chini ya kikapu, na mpya unakaa juu yake. Maji ya moto yanakutana na vipande vya ukubwa tofauti. Kwenye vidogo yanachota haraka hadi uchungu, kwenye vikubwa yanapita kabla hayajafika ndani. Kikombe kimoja kinakuwa na uchachu wa kahawa ambayo haijaiva pamoja na ukavu wa iliyopitiliza. Ukionja kikombe chenye makosa mawili yanayopingana namna hiyo, na ndiyo kwanza umegeuza pete, usikitafutie maelezo mengine. Kuukoroga unga kwa sindano kabla ya kuugandamiza kunasambaza tabaka hizo na kupunguza hatari ya maji kutoboa njia upande mmoja, lakini hakuondoi unga wa zamani, kunauchanganya tu.

Kwenda kwenye nene kunadanganya zaidi

Watu wengi hufikiri pande mbili za pete ni sawa. Si sawa. Unga laini una nguvu kubwa ya kuzuia maji kuliko unga mkubwa ulivyo na nguvu ya kuyapitisha. Maji lazima yapite tabaka zote, na tabaka nzito kuliko zote ndiyo inayoamua mwendo. Kwa hiyo ukigeuza kwenda kwenye nene, zile gramu 4 za unga laini wa zamani zinakwenda kukaa chini kabisa, juu ya matundu ya kikapu, na zinaweza kuushikilia mwendo karibu na ulivyokuwa. Unaona kama hukugeuza kitu. Hapo ndipo mkono unashawishika kugeuza alama mbili zaidi, na kikombe cha pili baada ya hapo kinatiririka kama maji ya bomba.

Pete zenyewe nazo zina mchezo wake. Nyingi hukaa kwenye nyuzi, na nyuzi huwa na uwazi mdogo. Ukigeuza kwenda kwenye nene kidogo tu, alama inaonekana imesogea, ilhali meno hayajasogea kiasi hicho. Dawa yake ni kuifikia kila alama kutoka upande mmoja. Ukitaka kurudi nyuma nusu alama kwenda kwenye nene, rudi alama moja na nusu, kisha songa mbele alama moja kwenda kwenye laini. Meno yanakaa upande ule ule wa nyuzi kila mara. Na unapokwenda kwenye laini, geuza mota ikiwa inazunguka. Mashine ikiwa imesimama, kuna vipande vya buni vimebanwa katikati ya meno; ukiyafunga juu ya vipande hivyo, unaikaza pete dhidi ya kahawa, na alama unayoiona si uwazi halisi uliopo. Kwenda kwenye nene unaweza kugeuza mashine ikiwa imezimwa.

Kupima masalio ya mashine yako

Wengi huambiwa "mwaga gramu tano" au "mwaga dozi moja" kama vile mashine zote zimetoka tumbo moja. Kiasi cha kumwaga kinategemea kiasi mashine yako inachoshikilia, na hicho kinapimika kwa dakika kumi bila kifaa chochote cha ajabu.

Kama unaweza kuitoa hopa au unasaga dozi moja moja, tafuta buni za rangi mbili: moja iliyokaangwa kidogo, ya kahawia ya karanga, na nyingine iliyokaangwa sana, karibu nyeusi. Saga gramu 40 za ile nyeupe-nyeupe kwanza ili njia nzima ijae yenyewe. Kisha tia gramu 20 za nyeusi, na badala ya kuupokea unga kwenye potafilta, upokee kwenye karatasi nyeupe, ukiisogeza kila baada ya gramu 2 hivi ili upate vilima vidogo kumi vilivyopangwa mstari mmoja. Vibonyeze kwa mgongo wa kijiko. Cha kwanza kitakuwa na rangi ya karanga kabisa. Cha pili au cha tatu kitaanza kuwa na madoa. Mahali fulani madoa yatakwisha na vilivyobaki vitakuwa vyeusi sawasawa. Hesabu vilima hadi hapo, zidisha kwa 2, na hicho ndicho kiasi cha kumwaga kwenye mashine hiyo. Ukiona rangi ya karanga imetoweka kwenye kilima cha tano, yako ni gramu 10.

Ukiwa na hopa iliyojaa na hutaki kubadilisha buni, tumia ukubwa badala ya rangi. Weka kipimo cha kahawa ya kichujio cha karatasi, saga gramu 30, kisha mota ikizunguka rudi kwenye kipimo cha espreso na upange vilima vile vile. Huhitaji macho hapa, tumia vidole. Sugua kila kilima kati ya kidole gumba na cha shahada. Punje kubwa zinakwaruza kama mchanga, na utazihisi zikipungua hadi zinaisha.

Jambo moja litakushangaza katika vilima hivyo: unga wa zamani hauishi ghafla. Kama kahawa ingesogea njiani kwa mpangilio, wa kwanza kuingia wa kwanza kutoka, kumwaga gramu 4 kungetosha kabisa kwa mashine inayoshikilia 4. Lakini chumbani vibapa vinakoroga. Unga mpya unachanganyika na wa zamani, na kinachotoka ni mchanganyiko unaopungua polepole. Kwa hesabu ya kukadiria, ikiwa mchanganyiko huo ni kamili, baada ya kumwaga gramu 4 bado takriban gramu 1.5 za zamani zimo ndani. Baada ya kumwaga 8, imebaki kama nusu gramu. Nusu gramu ndani ya dozi ya 18 ni asilimia 3, na sioni ulimi wa kuitambua. Mashine nyingi zitaangukia katikati ya hali hizo mbili, kwa hiyo kanuni ya kumwaga mara mbili ya masalio ni salama bila kuwa ya kifahari. Mara moja tu ya masalio hubakisha hadi asilimia 8 ya unga wa zamani, na hiyo kwa espreso inaweza kusogeza saa.

Utaratibu wenyewe

Ukitaka kugeuza, washa mota, geuza alama moja na si zaidi, na acha mashine isage kiasi chako cha kumwaga. Pokea kwenye chombo kilicho juu ya mizani ili ujue umefikisha, kwa kuwa kukadiria kwa macho unga uliovimba ni kazi bure. Kisha saga dozi ya kweli, na uipime kabla ya kuigandamiza. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Kwenye mashine ya taima, uzito umebadilika kwa sababu kipimo kimebadilika. Kwenye kisa chetu cha juu, 17.5 ilipaswa kurudishwa 18 kwa kuongeza taima kidogo: gramu 17.5 kwa sekunde 6 ni kama gramu 2.9 kwa sekunde, na nusu gramu inayokosekana inahitaji sekunde 0.17 hivi. Kama huwezi kugusa taima katikati ya kazi, ongeza au punguza kwa kijiko hadi 18.0, na urekebishe taima foleni ikipungua.

Ndipo utengeneze espreso na kuisoma. Hii ndiyo ya kwanza yenye haki ya kusomwa. Ikiwa sekunde 28, simama. Ikiwa 26 na ladha ni nzuri, simama pia. Saa ni msaidizi, si hakimu.

Kuna wakati wa kutokumwaga. Ukisogeza pete kwa kiasi kidogo mno, robo ya alama kwa sababu joto la mchana limebadilika kidogo, na mashine yako inashikilia gramu 1 au 2, tofauti itapotea ndani ya kikombe. Acha, na usome dozi ya pili badala ya ya kwanza. Kwenye foleni kubwa pia inawezekana kutomwaga kitu: geuza, mpe mteja wa latte kubwa hiyo dozi ya kwanza, kwa kuwa maziwa yatafunika mengi, na usisome chochote mpaka ya pili. Si ustaarabu wa hali ya juu, lakini ni bora kuliko kuisoma ya kwanza na kugeuza tena kwa kuiamini.

Gharama ni halali kuijadili. Mashine inayomwaga gramu 8, ikigeuzwa mara sita kwa siku, inakula gramu 48, karibu dozi tatu. Mfanyabiashara atanung'unika, na ana haki. Lakini barista anayesoma dozi za mchanganyiko hutupa zaidi ya hiyo katika kikao kimoja cha kuitafuta alama. Ulichomwaga usikirudishe kwenye hopa kwa hali yoyote. Unga juu ya buni huziba koo la hopa na kuharibu dozi zote zinazofuata. Kama ni unga wa leo leo, kahawa tungu ya kuchemsha kwenye dele haijali ukubwa wa punje mbili tofauti, na tangawizi itasema ya kwake juu yake.

Maadamu tumefika kwenye tangawizi: mashine ya buni isisagiwe iliki wala tangawizi kavu, hata mara moja, hata na mwenye nyumba. Mafuta ya iliki yanaingia kwenye ule ukoko usiotoka, na hakuna kiasi cha kumwaga kitakachoyaondoa bila kufungua mashine. Kwenye duka linalosaga viungo na kahawa pamoja, ziwe mashine mbili.

Hewa ya pwani

Miongozo mingi ya kusaga kahawa imeandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, ambako adui mkubwa ni umeme tuli: unga unaruka, unagandamana ukutani mwa koo, unabaki. Dawa yao ni kunyunyizia buni tone la maji kabla ya kusaga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon uliochapishwa Desemba 2023 ulionyesha kwamba maji kidogo kwenye buni hupunguza kweli umeme huo unaozaliwa wakati wa kusaga, na kwamba buni iliyokaangwa sana, ambayo ni kavu zaidi ndani, hujichaji kwa nguvu zaidi.

Mombasa hewa yenyewe imejaa unyevu mwaka mzima, kaskazi na kusi, kwa hiyo umeme tuli hutusumbua kidogo kuliko wao, hasa kwenye mikahawa iliyo wazi. Tatizo letu ni jirani yake. Unga wa kahawa hunyonya unyevu hewani, na unga wenye unyevu hushikana. Masalio ya njiani yakikaa saa kadhaa yanakuwa bonge kooni. Dozi ya kwanza baada ya kimya kirefu inachelewa kuanguka, halafu bonge linadondoka kwa mkupuo, mara nyingine karibu gramu nzima. Ukiona hivyo usipige mashine kofi mara moja moja unapokumbuka. Ama uigonge kila dozi kwa namna ile ile, ama usiigonge kabisa, kwa sababu kofi la leo ni gramu ya mteja wa kesho.

Kwenye chumba chenye kiyoyozi mambo hugeuka: hewa ni kavu zaidi na umeme tuli unarudi. Tone la maji linafaa huko ukisaga dozi moja moja. Kwa gramu 18, chini ya nusu mililita inatosha. Chovya mpini wa kijiko kwenye maji, ukoroge buni kwa huo mpini, basi. Usinyunyizie hopa iliyojaa. Buni zitakaa na maji hayo na unga utashikamana kwenye meno.

Dozi ya kwanza ya asubuhi ina tatizo la ziada hata kama pete haijaguswa tangu jana. Masalio yake yamelala usiku kucha yakiwa yamesagwa, yamepoteza gesi na harufu, na yamekunywa unyevu wa usiku. Unga uliopoteza gesi hutoa povu kidogo na maji huupita kwa urahisi zaidi. Meno nayo ni ya baridi; baada ya saa ya kazi nzito yatapata moto na mwendo utasogea. Kwa hiyo mwaga kiasi chako asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza, na usigeuze pete kwa sababu ya vikombe viwili vya mwanzo. Huo wa asubuhi ni wa kutupa. Hata dele usilipe.

Baada ya kufungua mashine

Siku ya usafi, chomoa waya ukutani kwanza, toa hopa, fungua meno ya juu, piga brashi chumba na koo hadi kwenye wavu. Utashangaa kiasi kinachotoka. Wengine hutia mchele mbichi badala ya kufungua. Punje za mchele ni ngumu, mota inalemewa, na wanga unabaki kwenye meno. Brashi na dakika kumi zinatosha.

Ukiifunga tena, hesabu ya masalio inaanza upya. Mashine safi inajaza pembe zake kwanza: utatia gramu 18 na itatoka 15, si kwa sababu imeharibika, bali kwa sababu 3 zimekwenda kujenga makazi yao. Dozi inayofuata itakuwa pungufu kidogo, ya tatu itakaribia sawa. Na kama ulitoa meno ya juu, alama ya jana huenda isiwe uwazi ule ule, hata ikiwa umeirudisha pete kwenye namba ile ile. Saga gramu 40 hivi kabla ya kupima chochote, kisha anza na alama ya jana kama mahali pa kuanzia tu. Kipimo cha vilima kwenye karatasi kirudie baada ya kila usafi mkubwa na kila unapobadilisha meno, kwa kuwa meno mapya hutoa unga wa umbo tofauti na hushikilia tofauti. Ile gramu 8 iliyoandikwa ubavuni mwa mashine kwa kalamu nyeusi inaweza kuwa ni ya meno yaliyokwisha tupwa.